Amprevi kwenye mpango wa biashara: uweke kiasi gani, na kwa nini mkopeshaji anaiulizia

Watu wanaoniletea mipango yao ya biashara niisome kabla hawajaipeleka kwa mkopeshaji, hapa Lubumbashi, huuliza maswali mawili yaleyale. La kwanza ni la amprevi, yaani akiba ya mambo yasiyotazamiwa: "Kwenye amprevi niweke ngapi?" La pili huja wiki mbili baadaye, mtu akirudi na dosye yake mkononi: "Mbona wameniuliza hii asilimia 10 nimeitoa wapi?" Wengi hawakuitoa popote. Waliiona kwenye devi, yaani makadirio ya bei, ya mtu mwingine, mstari wa mwisho kabla ya jumla, wakainakili.

Nimechoka kulijibu mdomoni, kwa hiyo naliandika hapa mara moja. Nitatumia mpango mmoja tu kuanzia mwanzo hadi mwisho: wa mama mmoja wa Katuba aliyetaka kufungua mulini, yaani mashine ya kusaga mahindi, kwenye parseli ya kupanga kule Ruashi. Tarakimu ni za mpango wake, nimezisawazisha kidogo ili hesabu ifuatike. Zako zitakuwa nyingine, lakini njia ni hiyohiyo.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Orodha ya gharama zote za kuanzisha, kila kitu kwenye mstari wake.
- Profoma au devi kwa kila mstari mkubwa. Angalia tarehe na siku ambazo bei inashikilia.
- Gharama za kila mwezi ambazo utalipa hata siku usiyouza kitu.
- Jedwali la malipo ya mkopo, au angalau riba na idadi ya miezi.
- Makadirio ya mauzo ya miezi sita ya kwanza, mwezi kwa mwezi. Usigawanye jumla ya mwaka kwa 12.
- Kalamu ya risasi, maana utafuta sana.

Orodha ya yule mama ilikuwa hivi: banda dola 4,000, mashine na mota yake 3,600, kuunganisha umeme 1,200, mizani na mifuko 300, karatasi za kufungulia 400, mahindi ya kuanzia 2,500. Jumla dola 12,000. Chini yake akaandika "Amprevi 10%: 1,200". Alikuwa na dola 4,000 zake mwenyewe na aliomba mkopo wa 8,000. Ukijumlisha utaona kwamba zile 1,200 hazina mtu wa kuzilipa. Ziliandikwa upande wa matumizi, na upande wa mapato hazimo. Kosa hili naliona karibu kila wiki, na ndilo jambo la kwanza ambalo jicho la ajenti wa mikopo linaangukia.

Kwa nini mkopeshaji anaiulizia

Kwa ufupi, maana wengi hudhani ni swali la kumtega mwombaji.

Mkopeshaji anaogopa zaidi kazi iliyokwama katikati kuliko biashara inayouza kidogo. Mulini inayosaga, hata kwa faida ndogo, inalipa kitu. Banda lisilo na bati, na mota iliyobaki dukani kwa sababu fedha ziliishia kwenye matofali, halilipi chochote, na hata ukitaka kuliuza hakuna wa kulinunua kwa bei ya maana. Fedha zikikuishia ukiwa umefika asilimia 90 ya kazi, mkopeshaji amebakiwa na njia mbili mbaya: akuongezee mkopo ambao hakuupanga, au akubali kupoteza ule wa kwanza.

Kuna na jambo la kalenda. Malipo ya kwanza ya mkopo yana tarehe, na tarehe hiyo haingoji mashine yako ianze kuzunguka. Taasisi za mikopo midogo hupima afya yao kwa mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30, na wanapoihesabu huweka deni lote lililobaki, siyo ule mwezi mmoja uliochelewa tu. Ukichelewesha dola 450 huku ukidaiwa 7,500, kwenye ripoti yao hesabu ni 7,500. Sasa unaelewa kwa nini kijana wa ofisini anaganda kwenye mstari mmoja wa amprevi kwa nusu saa.

Hatua ya 1. Tenganisha mifuko mitatu

Neno "amprevi" limebeba vitu vitatu tofauti, na ndiyo maana watu hawajui kiasi chake.

Mfuko wa kwanza ni akiba ya kujenga. Huu unafunika tofauti kati ya bei uliyokadiria na bei utakayolipa hadi siku ya kufungua mlango. Ukishafungua, kazi yake imekwisha.

Mfuko wa pili ni akiba ya kuendesha. Hizi ni fedha za kulipa mishahara, kodi na mkopo katika miezi ambayo mauzo hayatoshi.

Mfuko wa tatu ni mstari wa fedha ya dharura. Hapa fedha bado haziko mkononi mwako. Kuna mtu au taasisi iliyokubali kwa maandishi kwamba jambo fulani likitokea, itatoa kiasi fulani, kwa masharti fulani.

Kwenye mpango kila mfuko una mstari wake. Ukiichanganya, utajikuta umekula mishahara ya mwezi wa pili kwa kununua saruji, halafu utashangaa fedha zilikwenda wapi.

Hatua ya 2. Ondoa kwenye amprevi yale unayoyajua

Amprevi ni ya jambo ambalo hujui kama litatokea au litagharimu kiasi gani. Nyundo za mulini zinalika. Chujio linatoboka. Mkanda unakatika. Hayo yote unayajua leo kabla hujanunua mashine, kwa hiyo yaingie kwenye gharama za kila mwezi. Yule mama alikuwa ameyatia kwenye asilimia 10 yake pamoja na usafiri wa mashine kutoka dukani hadi Ruashi. Nikamuuliza, "Mama, hiyo mashine itafika kwa miguu?" Akacheka, akaenda kuuliza bei ya lori, nayo ikaingia kwenye mstari wa mashine.

Kinyume chake pia kipo: kuficha amprevi ndani ya kila mstari. Unaandika bati dola 15 ilhali unajua ni 12, ukidhani umejilinda. Ajenti wa mikopo anazijua bei za bati, na dosye tatu zilizopita mezani kwake zilikuwa na bati. Akikuta moja umeiongeza, ataona zote umeziongeza, na atazikata mwenyewe bila kukuuliza ipi ilikuwa ya kweli. Andika bei halisi, kisha weka akiba waziwazi kwenye mstari wake.

Kabla hujaweka akiba kwa ajili ya balaa fulani, jiulize pia kama huwezi kulizuia kwa bei ndogo. Mota ya mulini inatumia umeme wa fezi tatu. Fezi moja ikipotea, na hapa kwetu hupotea, mota huendelea kuvuma huku ikichemka, na waya zake zinaungua. Kuirudisha kwa fundi wa kubobina waya upya ni gharama kubwa na siku nyingi bila kazi. Kifaa cha kukata umeme fezi inapokosekana ni bei ndogo sana ukilinganisha na hiyo. Nunua kifaa, kiingie kwenye mstari wa umeme, na balaa hilo liondoke kwenye hesabu ya akiba.

Hatua ya 3. Piga akiba ya kujenga mstari kwa mstari

Asilimia moja kwa mpango mzima haina maana, kwa sababu mistari haina uhakika sawa. Kipimo ninachotumia mimi ni hiki: kitu chenye profoma ambayo bado inashikilia, asilimia 5. Ujenzi uliopimwa na fundi kwa mita na kuandikwa, asilimia 10 hadi 15. Kitu ambacho bei yake umeambiwa mdomoni, asilimia 25 hadi 30, na hapo ujue dawa ya kweli ni kurudi kutafuta bei iliyoandikwa.

Banda la yule mama lilikuwa limepimwa, lakini kazi ilipangwa kuanza Novemba. Novemba kwetu mvua zimeanza: matofali ya kuchoma hupanda bei, lori linakwama, fundi anakaa siku mbili bila kumwaga zege. Nikaweka asilimia 15, yaani dola 600. Angeweza kujenga kati ya Mei na Agosti, ingetosha 10.

Mashine ilikuwa na profoma: asilimia 5, dola 180. Umeme ndio ulionitia wasiwasi. Zile 1,200 alizitaja jirani yake, na jirani alikuwa karibu na nguzo kuliko yeye. Urefu wa kebo ndio unaobeba bei, na hakuna aliyekuwa ameupima. Asilimia 30, dola 360. Karatasi za kufungulia, asilimia 25, dola 100. Mizani na mifuko sikuviwekea kitu, kwa sababu bei yake inajulikana asubuhi yoyote ile kwenye soko la mtaa wa Kenya, hapahapa Lubumbashi.

Mahindi ni habari nyingine. Hapa shaka haiko kwenye kiasi, iko kwenye bei. Hata Benki ya Dunia katika gharama za miradi yake hutenganisha akiba ya kiasi cha kazi na akiba ya bei, na ukiishi Lubumbashi unaelewa sababu bila kuisoma popote. Sehemu kubwa ya mahindi tunayokula huvuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia. Februari 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Agosti ya mwaka uleule ikafunga mipaka yake nasi kwa siku chache kwa ugomvi wa biashara. Mtu aliyekuwa amepanga kununua kwa bei ya Juni alikuta bei nyingine kabisa. Usikisie asilimia hapa: chukua bei ya wakati wa mavuno, Mei au Juni, chukua na ya Januari au Februari wakati maghala yamepungua, kisha angalia utanunua mwezi gani. Kwa mwezi aliopanga kununua, tofauti ilikuwa kama asilimia 20. Dola 500.

Jumla: 600 na 180 na 360 na 100 na 500 ni dola 1,740, sawa na asilimia 14.5 ya zile 12,000. Mkopeshaji akiuliza "umeitoa wapi", sasa kuna jibu kwa kila dola.

Usishangae kwamba imezidi zile 1,200 za kwanza. Kuna siku inatoka chini yake, hasa mpango ukiwa ni wa kununua vifaa tu bila kujenga.

Hatua ya 4. Tafuta shimo la fedha, mwezi kwa mwezi

Mfuko wa pili watu huupima kwa kusema "miezi mitatu ya gharama". Si kosa, ni kauli ya kuanzia. Lakini duka la vocha na mulini havikauki kwa namna moja, kwa hiyo chora jedwali.

Gharama zisizokwepeka za mama zilikuwa: wasagaji wawili dola 220, mlinzi 80, kodi ya parseli 100. Hizo ni 400. Mkopo wa 8,000 kwa miezi 24, riba ya asilimia 2.5 kwa mwezi juu ya deni linalopungua, unatoa malipo ya kama 447 kwa mwezi. Tuliandika 450. Jumla 850 kila mwezi, asage asisage.

Safu ya pili hapa chini ni kile kinachobaki baada ya kulipa umeme uliosagia na mahindi yaliyouzwa.

| Mwezi | Kinachobaki | Zisizokwepeka | Tofauti | Limbikizo |
|---|---|---|---|---|
| 1 | 400 | 850 | -450 | -450 |
| 2 | 650 | 850 | -200 | -650 |
| 3 | 900 | 850 | +50 | -600 |
| 4 | 0 | 850 | -850 | -1,450 |

Miezi mitatu ya kwanza ni ya kujulikana. Wateja wa bukari, yaani ugali, hawahami mulini waliyoizoea kwa siku moja, wanakuja kwanza na ndoo moja kukujaribu. Mwezi wa 4 niliuweka sifuri kwa makusudi. Mtaani kwake kabini ya umeme, yaani transfoma ya mtaa, iliwahi kuungua, wakazi wakachangishana, na ikachukua karibu mwezi kabla taa kurudi. Delestaji ya kawaida, yaani umeme kukatwa saa chache kila siku, tayari imo ndani ya makadirio ya mauzo. Huu ni mwezi wa kabini.

Shimo la chini kabisa ni dola 1,450. Akiba ya kuendesha ni 1,500. Hiyo ni chini ya miezi miwili ya gharama, na kwake inatosha, kwa sababu mahindi aliyonayo stoo anaweza kuyauza yakiwa punje hata mashine ikiwa imelala. Mwenye saluni hana stoo ya kuuza, yeye ningempa miezi mitatu.

Angalizo: weka pigo moja tu kwenye jedwali, lile zito kati ya yale yaliyokwisha kutokea mtaani kwako. Ukiweka kabini, mpaka na ugonjwa vyote mwezi mmoja, utapata akiba kubwa kuliko biashara yenyewe, na mkopeshaji ataona unaomba fedha za kulalia.

Hatua ya 5. Panga mstari wa fedha ya dharura kabla ya dharura

Mama aliponiona nikiandika 1,740 na 1,500 alishika kichwa. "Yaya, sasa hiyo mulini imekuwa ya elfu kumi na tano?" Ndiyo: 12,000 pamoja na 3,240 ni 15,240. Hapa ndipo mfuko wa tatu unapofanya kazi yake, maana si lazima kila dola ya akiba iwe mfukoni siku ya kwanza. Inatosha ijulikane itatoka wapi.

Kwanza tulipunguza mpango. Badala ya mahindi ya dola 2,500 aanze na ya 1,500, na akiba ya bei ya mahindi ikashuka kutoka 500 hadi 300. Gharama za kuanzisha zikawa 11,000, akiba ya kujenga 1,540, akiba ya kuendesha 1,500. Jumla 14,040.

Kisha tukatafuta vyanzo. Fedha zake 4,000. Mkopo 8,000. Kaka yake akaingiza 1,000 kama mbia, kwa karatasi. Zimebaki 1,040. Hizo tulimwomba mkopeshaji aziidhinishe pamoja na mkopo lakini asizitoe. Zikae kwake, zitolewe tu kwa fakitura inayoonyesha kwamba banda au umeme umevuka bei, na zisipohitajika hadi siku ya kufungua zifutwe. Zisipotoka, hazina riba. Baadhi ya wakopeshaji hutoza ada ndogo kwa kuzishikilia, uliza.

Mkopeshaji alikubali kwa sababu moja ya wazi: zile 1,500 za kuendesha zilikuwa ndani ya fedha taslimu tayari, na mama alikubali ziwekwe kwenye akaunti ya akiba palepale kwake. Wakopeshaji wengi hawapendi kukopesha fedha za kukaa. Wanataka akiba ya kuendesha itoke kwako, na nyongeza ya ujenzi wako tayari kuibeba, maana ndiyo inayomalizia dhamana yao.

Vitu vifuatavyo si mstari wa dharura, hata kama vinaandikwa hivyo:

- Zamu ya likelemba, yaani mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu. Zamu ina tarehe yake, nayo kabini haiulizi tarehe. Kama kundi limekubaliana kwa maandishi kwamba mwenye shida anaruka foleni, hapo sawa, taja kiasi.
- "Ndugu yangu yuko Kolwezi, mgodini." Bila karatasi iliyosainiwa yenye kiasi, hilo ni tumaini.
- Mkopo mwingine utakaouomba siku hiyo. Siku hiyo huna mauzo, na hakuna anayekopesha mtu asiye na mauzo.
- Mahindi kwa mali kauli kutoka kwa mfanyabiashara wa sokoni. Haya yanaweza kuwa mstari wa kweli, ila kwa mahindi tu. Hayalipi mlinzi.

Hatua ya 6. Pima kama mpango unabeba akiba yake

Kuanzia mwezi wa 5 mama alitarajia kubakiwa na dola 1,150 kwa mwezi kabla ya mishahara na kodi. Kata asilimia 20, kwa sababu ajenti wa mikopo atazikata hata usipozikata wewe: zinabaki 920. Ondoa mishahara, mlinzi na parseli, 400: zinabaki 520. Malipo ya mkopo ni 450. Anapita.

Sasa chukulia zile 1,040 za dharura zimetoka zote, kwa riba ileile na miezi ileile. Malipo yanaongezeka kwa kama dola 58, yanakuwa 508. Bado 520 inazidi, kwa dola 12. Nilimwonyesha hizo 12 na tukakubaliana kwamba mstari wa dharura hauwezi kuwa mkubwa zaidi ya hapo. Ungekuwa wa dola 2,000, kuutumia kungemuua polepole kwa malipo. Ukubwa wa mstari wa dharura unaamuliwa na uwezo wako wa kuulipa katika mwezi mbaya. Watu huupima kwa ukubwa wa hofu yao, na hapo ndipo wanapoharibikiwa.

Hatua ya 7. Andika nani anaigusa, lini, na kwa fedha ipi

Mistari minne ndani ya mpango inatosha. Ya mama ilisomeka hivi: akiba ya kujenga inatumika kwa mstari uliovuka bei tu, kwa fakitura, na saini mbili, yake na ya kaka yake. Akiba ya kuendesha inaguswa mwezi ambao kinachobaki hakifikii 850 tu. Kilichochukuliwa kinarudishwa kwa dola 150 kila mwezi mzuri hadi 1,500 itimie tena. Akiba ya kujenga ikibaki siku ya kufungua, nusu inanunua mahindi na nusu inapunguza deni.

Ule mstari wa kurudisha huwa unasahaulika. Akiba isiyorudishwa inafanya kazi mara moja tu, halafu mwaka wa pili wa mkopo unauingia mikono mitupu.

Kuhusu fedha: weka kila akiba katika fedha ambayo gharama yake italipwa. Mkopo ukiwa wa dola, akiba ya malipo ya mkopo ikae katika dola, hata kama wateja wanakulipa franka. Mishahara ikiwa ya franka, sehemu hiyo iwe ya franka. Kwa miaka mingi watu hapa waliamini dola haishuki, kisha mwishoni mwa 2025 dola moja ikatoka karibu franka 2,800 hadi chini ya 2,500 kwa muda mfupi. Waliokuwa na akiba yote ya mishahara katika dola walijikuta imepungua bila mtu kuiiba.

Makosa na matatizo yanayorudi

*Mkopeshaji amekata akiba yote na kukupa mkopo wa gharama tupu.* Usisaini kwa furaha. Muulize amekata mfuko upi. Mara nyingi amekata wa kuendesha akitegemea uulete wewe. Ukiwa huna, punguza mpango: stoo ndogo, banda la nguzo na bati kwanza, kuta baadaye. Mulini ndogo yenye akiba humaliza mwaka. Kubwa isiyo na akiba nimeziona mbili zikiuzwa mota.

*Anasema akiba ni kubwa mno.* Mpe jedwali la mstari kwa mstari. Kama kuna mstari wa asilimia 30, kalete bei iliyoandikwa, itashuka yenyewe. Yule mama alipomleta fundi wa umeme kupima kebo, bei ilitoka 1,350. Mstari ukapanda kutoka 1,200 hadi 1,350, na akiba yake ikashuka kutoka 360 hadi 135. Jumla ya viwili ilipungua kutoka 1,560 hadi 1,485, na ubishi ukaishia hapo.

*Ujenzi umefika nusu na akiba yake imekwisha zaidi ya nusu.* Pima viwili hivi kila wiki kwa pamoja, kwa kuwa ndicho kipimo pekee kinachokuambia mapema. Kazi ikiwa asilimia 50 na akiba imeliwa asilimia 80, simamisha ununuzi, omba mstari wa dharura sasa hivi ukiwa bado na bati za kuonyesha. Ukingoja hadi fedha ziishe, utakuwa unaomba msaada.

*Profoma imeisha muda kabla mkopo haujatoka.* Hutokea sana, dosye hukaa. Omba profoma mpya na upige akiba upya. Usiifunike tofauti kwa akiba, maana utakuwa umeila kabla ya kuanza.

*Ndugu wamejua kuna fedha zimelala.* Msiba, ada za shule, mtoto wa dada amelazwa. Hili halina kanuni ya hesabu. Yule mama alilitatua kwa kuiacha akiba palepale kwa mkopeshaji, kwenye akaunti inayotaka saini ya kaka yake, na kaka yake ni mtu ambaye hata ndugu wenyewe wanaona uvivu kumwomba.

*Miezi sita imepita na akiba ya kuendesha haijaguswa.* Iache. Ukitaka kuigeuza kuwa mtaji wa mahindi, rudi kwanza kwenye jedwali la Hatua ya 4, weka mauzo halisi badala ya makadirio, na uangalie shimo limefika wapi. La mama lilikuwa limepungua hadi dola 850, yaani mwezi mmoja wa kabini, kwa hiyo zile 650 zilizozidi zilikuwa huru. Alinunua chujio la pili la unga mlaini, na kwa fedha zilizobaki mifuko ya mahindi, ikiwa ni Juni na bei iko chini.